Irasshaimase: karibu isiyosubiri jibu

Ukiingia dukani Japani, kabla hata mlango haujajifunga nyuma yako, utasikia neno moja refu: irasshaimase. Litatoka kwa kijana aliye kaunta, au kwa mwenzake aliyechutama kwenye rafu akipanga chupa za chai, na mara nyingi kwa wote wawili, wa pili akilipokea kutoka kwa wa kwanza. Sauti ni ya juu, ina adabu, na mwisho wake umevutwa. Wajapani walioingia pamoja nawe hawasemi kitu. Hawageuki wala hawapunguzi mwendo. Wanapita moja kwa moja hadi kwenye friji la vinywaji kana kwamba hakuna aliyefungua kinywa.

Kwa mtu aliyelelewa ndani ya Kiswahili, jambo hilo linachoma. Sisi hatuachi salamu ikaanguka chini. Mtoto akitoa shikamoo asipate marahaba, hubaki amesimama akijiuliza amekosa nini, na kwa Waislamu kuanza salamu ni suna ilhali kuirudisha ni wajibu. Basi si ajabu kwamba mgeni kutoka kwetu, awe mwanafunzi au mfanyabiashara aliyefuata magari, siku zake za kwanza Tokyo huwajibu wauzaji wote anaokutana nao. Mmoja husema asante kwa Kijapani, mwingine husema konnichiwa, na wapo wanaorudisha neno lilelile, irasshaimase, kwa nia njema kabisa. Hakuna anayewakasirikia. Lakini muuzaji hushtuka kidogo, hutabasamu, kisha hukosa la kusema, kwa kuwa hakuwa amefungua mazungumzo yoyote.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Kimya cha mteja wa Kijapani hakitokani na kiburi, wala si dalili kwamba watu wa miji mikubwa wamesahau utu. Irasshaimase haimo katika kundi la salamu zinazodai jibu. Ni tangazo la duka: tumekuona, ingia, tuko tayari kukuhudumia. Deni lote linalozaliwa na neno hilo liko upande wa duka, na mteja hadaiwi chochote.

Neno lenyewe limeundwa hivyo. Limetoka katika kitenzi irassharu, kitenzi cha heshima ambacho Wajapani hukitumia kwa mtu wanayemtukuza, anapokuja, anapokwenda au anapokuwa mahali fulani. Kipande cha mwisho, mase, hukigeuza kuwa ombi lenye unyenyekevu. Kwa hiyo mhudumu anamwomba mtu wa heshima aje. Ombi la namna hiyo hutimizwa kwa miguu. Ukishavuka kizingiti umekwisha kulijibu, na lugha yenyewe haikutunga neno la kuliongezea.

Wala isidhaniwe kwamba Wajapani ni watu wa kuacha salamu zikielea. Mfanyakazi akisema ohayo gozaimasu asubuhi, wenzake wote hulirudisha, na asiyerudisha atasemwa. Anayerejea nyumbani husema tadaima, na aliye ndani hujibu okaeri. Anayetoka huaga kwa ittekimasu, anayebaki humjibu itterasshai. Jozi hizi hufundishwa watoto tangu shule ya chekechea, na nyumba ambayo hazisikiki huonekana ina jambo. Penye desturi kali kiasi hicho ya kujibizana, kukosekana kwa jibu la irasshaimase hakuwezi kuwa uzembe. Pameachwa wazi kwa sababu hapahitaji kitu.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, tazama macho ya msemaji. Anayetoa ohayo gozaimasu humtazama mwenzake na husimama nusu nukta kungoja. Anayetoa irasshaimase dukani mara nyingi haangalii mtu. Mikono yake inaendelea kupanga mikate, sauti yake inaelekea mlangoni kwa jumla, na akishamaliza neno haachi nafasi ya jibu. Anaweza kulirudia baada ya nusu dakika bila mtu mpya kuingia. Kwa hili tunao wenzake hapa kwetu: mpiga debe wa stendi akipaza sauti “Morogoro, Morogoro!”, abiria anayekwenda Morogoro hamwitikii, anapanda basi. Hakuna aliyewahi kumwona abiria huyo hana adabu. Tofauti ni kwamba mpiga debe hafungi wito wake katika kitenzi cha heshima, na Mjapani hufunga, na heshima hiyo ndiyo inayomdanganya mgeni akadhani ameamkiwa yeye binafsi.

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili likitendeka ni katika yale maduka madogo yanayofunguliwa saa 24, ambayo Wajapani huyaita konbini. La kwanza la Seven-Eleven nchini humo lilifunguliwa Mei 1974 katika mtaa wa Toyosu, Tokyo, na leo nchi nzima ina maduka ya aina hiyo zaidi ya 55,000, kwa hiyo hakuna Mjapani wa mjini asiyepita humo. Tuchukue jioni ya kawaida. Mfanyakazi wa ofisi anaingia kununua chakula cha kwenye kiboksi na chupa ya chai. Mlango unateleza, kengele inalia, na mhudumu aliye kwenye rafu ya matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani anatoa irasshaimase bila kunyanyuka. Mwenzake wa kaunta analipokea. Mteja anapita. Hadi hapa hajatoa sauti, na hakuna aliyetarajia atoe.

Anachagua vitu vyake na kufika kaunta. Mhudumu anasema irasshaimase tena, safari hii kwa sauti ya chini, akiwa amesimama wima na kuinamisha kichwa kidogo. Sasa wako uso kwa uso, na hapa mgeni ndipo anapohisi hakika lazima ajibu. Mjapani anaweka vitu vyake mezani, basi. Wengine huinamisha kidevu kidogo sana, kiasi cha mtu anayekubali jambo, na huko kunatosha kabisa.

Halafu mambo yanabadilika, kwa sababu mhudumu anaanza kuuliza. Je, chakula kipashwe moto? Mteja anasema onegaishimasu, yaani tafadhali. Anahitaji mfuko? Tangu Julai 2020 sheria inayataka maduka yatoze pesa kwa mifuko ya plastiki, kwa hiyo swali hili huulizwa kila mara, na mteja asiyeutaka husema daijobu desu, maneno ambayo kwa juu juu yanasema “ni sawa” lakini kaunta yanamaanisha “hapana, asante”. Ana kadi ya pointi? Hapana. Kama angekuwa amechukua bia, kioo kilicho mbele yake kingemtaka abonyeze kitufe kuthibitisha kwamba ametimiza miaka 20. Anapokea chakula kilichopashwa, anasikia arigato gozaimashita, anatoka. Labda atatoa domo fupi, yaani shukrani ya mkato. Labda hatatoa.

Hesabu alivyosema na utaona mpangilio. Mteja yule si bubu. Kila alipoulizwa alijibu, kwa adabu, na mhudumu angekwama kama angekaa kimya mahali hapo. Wajapani wenyewe hulalamika juu ya wateja wasiojibu maswali ya kaunta, wenye visikizi masikioni, wanaosukuma pesa bila kuinua uso. Huo ndio utovu wa adabu wanaoutambua. Kutojibu irasshaimase hakuhesabiwi kabisa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini duka lijitwike tangazo lisilo na jibu. Historia ya biashara ya Japani inasaidia kidogo, hasa ile ya vitambaa. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la Echigoya mjini Edo, jina la zamani la Tokyo, na likapata sifa kwa kuuza kwa pesa taslimu na kwa bei moja isiyopatanwa. Hata hivyo maduka makubwa ya vitambaa ya zama hizo hayakuweka bidhaa wazi. Mteja alivua ndala zake, akapanda kwenye sakafu ya mikeka, akaketi. Mhudumu alimwuliza anachotaka, kisha majora yakatolewa ghalani na kukunjuliwa mbele yake moja baada ya jingine. Katika duka la namna hiyo kuingia tu kulikuwa kuanza mazungumzo. Ungeketi, ungeeleza haja yako, ungetandaziwa hariri magotini, na baada ya yote hayo kuinuka mikono mitupu kulihitaji uso mkavu.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yakaanza kugeuka. Duka lilelile la Mitsui, ambalo baadaye lilichukua jina la Mitsukoshi, likaanza kupanga vitambaa kwenye makabati ya vioo ili mtu ajionee mwenyewe. Mwaka 1904 likawa kampuni mpya, na Januari 1905 likatangaza magazetini kwamba linakuwa duka kubwa la kila aina ya bidhaa, kwa mtindo wa yale ya Marekani. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 maduka ya namna hiyo yakaacha pia kuwavua wateja viatu. Mtu akaweza kuingia na matope yake ya mtaani, akazunguka ghorofa nzima, akaangalia vyungu na kofia, akatoka bila kununua na bila kusema neno.

Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoipa irasshaimase kazi iliyo nayo leo. Duka lililomruhusu mtu aingie kutazama tu lilihitaji namna ya kumpokea pasipo kumshika. Lingekaa kimya, angejiona hatakiwi. Lingemwamkia kwa salamu yenye jibu, angekuwa tayari amefungua mazungumzo na mtu anayemwuzia, na mwenye kujibu salamu ya muuzaji amekwisha kutoa kidole. Kila mtu aliyewahi kupita sokoni na pesa kidogo mfukoni anajua jinsi ilivyo vigumu kumwondokea mtu uliyekwisha kumjulia hali. Neno linalokaribisha na kuachilia papo hapo linamwepusha mteja na kifungo hicho. Kimya chake kinalindwa na duka lenyewe, na mimi naona huo ni ukarimu wa aina yake, ingawa umevaa nguo tusiyoizoea.

Mkondo wa pili wa neno hili ni mkongwe zaidi na una kelele zaidi. Edo ilikuwa na wachuuzi wa kutembea, wa tofu, wa samaki, wa samaki wa mapambo, kila mmoja na mwito wake ambao wenyeji waliutambua kutoka kichochoroni. Roho hiyo bado iko kwenye masoko. Ukienda Ameyoko, ule mtaa wa maduka yaliyobanana chini ya reli karibu na stesheni ya Ueno, uliokua kutokana na soko la magendo baada ya vita kuisha mwaka 1945, utawasikia wauza samaki wakikata neno hadi likabaki rasshai, rasshai, rasshai, kwa koo zilizokauka. Hapo hakuna anayeulizwa wala anayejibu. Sauti inajaza mahali, inaonyesha kwamba biashara inachemka, na inamvuta aliye mbali. Mwenye duka la samaki lililo kimya hudhaniwa samaki wake wamelala.

Maduka ya kisasa yaliichukua nguvu hiyo ya sauti na kuiingiza katika vitabu vya mafunzo. Kijana anayeajiriwa kwa saa chache kwa wiki hufundishwa orodha fupi ya maneno ya huduma, ambayo kwa kawaida huhesabiwa saba, na irasshaimase ndilo la kwanza. Mahali pengi huyatamka kwa pamoja katika kikao kifupi cha asubuhi kabla ya kufungua. Hufundishwa pia kuinama, nyuzi 15 kwa mtu anayepita, 30 kwa mteja anayepokelewa, 45 kwa shukrani nzito au kuomba radhi. Ukifika kwenye duka kubwa la ghorofa nyingi dakika lile linapofunguliwa, utawakuta wahudumu wamesimama kando ya njia wakiinama na kusema irasshaimase kwa kila kundi linalopita. Ni mahali pachache ambapo mgeni huona aibu kweli, maana anainamiwa na watu ishirini mfululizo. Wenyeji huongeza mwendo kidogo, pengine hutikisa kichwa mara moja au mbili, na hupanda lifti.

Duka la vitabu vilivyotumika la Book Off, lililoanza mwaka 1990 katika mkoa wa Kanagawa, lilijulikana nchi nzima kwa namna yake ya kulitumia neno hili. Mhudumu mmoja akitamka irasshaimase, wote waliotawanyika kati ya rafu hulipokea mmoja mmoja hadi sauti izunguke duka zima. Wajapani huiita mtindo wa yamabiko, yaani mwangwi wa mlimani. Msomaji aliyejificha kwenye kona ya vitabu vya katuni hajaingia sasa hivi, na hakuna anayemkaribisha yeye. Wanaoambiana ni wahudumu wenyewe: kuna mtu mlangoni, tuko macho, kazi inaendelea.

Hili ni muhimu kulielewa, kwa sababu linaonyesha kwamba neno lina wasikilizaji zaidi ya mmoja. Linawafikia wenzake wa mhudumu, hasa katika mkahawa ambapo mpishi nyuma ya pazia hawezi kuona mlango. Akisikia irasshaimase anajua maji ya tambi yaongezwe moto. Linamfikia pia mtu aliyeingia kwa nia ya kuficha kitu kotini. Wenye maduka ya Japani huwahimiza wafanyakazi wao wapaze sauti wanapopita karibu na wateja, wakiamini kwamba mwizi aliyekwisha kujua ameonekana hupoteza ujasiri. Tamko moja, basi, humwambia mgeni wa heshima kwamba ameonekana, na humwambia mwizi jambo hilohilo. Salamu ya kweli isingeweza kubeba yote hayo, kwa kuwa salamu humwelekea mtu mmoja na humtaka yeye.

Hata hivyo kuna sehemu ambazo ukimya kamili si mwema, na hapa mgeni asichukue kanuni ya konbini akaipeleka kila mahali. Ukiingia kwenye baa ndogo yenye viti vinane, mwenyewe yuko nyuma ya kaunta na anakutazama usoni, irasshai yake imekulenga wewe. Mteja wa Kijapani mahali hapo huinamisha kichwa, na kama amewahi kufika husema konbanwa, habari za jioni. Zingatia kwamba hata hapo hakujibu irasshai kwa neno la kulifanania. Ameanzisha salamu yake mwenyewe, na sasa mwenye baa atairudisha. Katika mikahawa neno hufuatwa papo hapo na swali, mko wangapi? Jibu linalongojwa ni idadi, na wengi huionyesha kwa vidole bila kusema. Mgeni ambaye bado anahangaika kutafuta jibu la irasshaimase hulikosa swali lenyewe, akabaki mlangoni akitabasamu huku mhudumu akisubiri.

Kyoto ina maneno yake. Katika maduka ya kale ya huko utasikia oideyasu, na anayepokewa kwa heshima ya juu zaidi, kama mtu aliyekuja kutoka mbali kwa ahadi, huambiwa okoshiyasu. Nayo hayajibiwi.

Kuna pia maduka ambayo yameamua kwamba yanataka jibu, na hayo yamebadilisha neno. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, inajulikana kwa kuwafundisha wafanyakazi wake waseme konnichiwa, habari za mchana, mahali ambapo duka jingine lingesema irasshaimase. Sababu ni kwamba konnichiwa hurudishwa. Mtoto aliyeambiwa konnichiwa hupokea mara moja, kwa sauti, na mazungumzo yamezaliwa. Mahali panapouza furaha ya kukutana, hilo ndilo linalotakiwa. Sijui ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba Wajapani wanajua barabara tofauti kati ya maneno haya mawili: wanaotaka kujibiwa hulitupa la kwanza na kuchukua la pili.

Wapo pia wanaoona kwamba hata tangazo lisilo na jibu limezidi. Irasshaimase ikirudiwa kila nusu dakika na mtu asiyekutazama, kwa sauti ya puani iliyovutwa hadi silabi za mwanzo zimeyeyuka, huacha kusema kitu. Meneja mzuri huitambua hali hiyo kwa masikio: wahudumu wake wameanza kulitamka bila kuangalia kama kuna mtu, au wanalitupa mgongoni mwa mteja anayetoka. Mwaka 2017 kampuni ya mavazi ya Urban Research iliweka katika baadhi ya maduka yake mifuko ya buluu inayoonyesha kwamba aliyeibeba hapendi kusogelewa na muuzaji, na mteja aliyetaka kutazama kwa utulivu aliuchukua mlangoni. Korona ilipoingia mwaka 2020, maduka na mikahawa mingi iliwataka wahudumu wapunguze sauti, na mwangwi ukanyamaza mahali pengi kwa muda.

Malalamiko mengine yanawahusu wateja. Kuna msemo maarufu wa Kijapani kwamba mteja ni mungu, uliotokana na mwimbaji Minami Haruo. Yeye alikuwa akieleza jinsi alivyoitakasa nafsi yake kabla ya kuimba mbele ya wasikilizaji, kama mtu anayesimama mbele ya miungu, na familia yake na ofisi yake wamefafanua hivyo hadharani. Lakini wateja wakorofi waliushika msemo na kuwapigia nao wahudumu. Matusi kaunta, kupigishwa magoti kuomba radhi, kupigwa picha na kuanikwa mtandaoni, yote haya yaliongezeka kiasi kwamba serikali ya jiji la Tokyo ikatunga sheria ndogo ya kuyazuia, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2025. Nalitaja hili kwa sababu mtu anaweza kuuona ukimya wa mteja kuwa chanzo cha dharau hiyo. Sioni hivyo. Mtu yuleyule anayepita kimya mbele ya irasshaimase anaweza kuwa mpole kuliko wote anapofika kaunta, na anayetukana kwa kawaida hana shida ya ukimya.

Kwa anayejiandaa kwenda huko, mambo ni mepesi. Usirudishe irasshaimase, kwa maana ni neno la mwenye duka, na ukilitamka wewe umehamia upande wa pili wa kaunta. Moyo ukikulazimisha kufanya kitu, inamisha kichwa kidogo bila kusimama. Ukisema konnichiwa kwa mzee anayeendesha duka lake kijijini, atafurahi kwa dhati na atakujibu, kwa kuwa huko bado watu wanafahamiana. Ukiingia na usimwone mtu, zamu ya kuita ni yako: gomen kudasai, ambayo mzee wa Kijapani huitumia kama sisi tunavyopiga hodi, au sumimasen, ambayo hutumiwa na wote. Hapo utasikia miguu ikikimbia kutoka nyuma na irasshaimase ikitangulia mwili.

Mahali ambapo mteja wa Kijapani hasahau kusema neno ni mlangoni anapotoka mkahawani. Amekula, amelipa, anavuta mlango, na kabla ya kuvuka anageukia jikoni na kusema gochisosama deshita, shukrani kwa chakula. Halikuombwa na mtu, na halifuati swali lolote. Mpishi na wahudumu wote hulipokea kwa arigato gozaimashita. Mgeni anayetaka kujifunza neno moja tu la dukani na ajifunze hilo, na alitamke kwa sauti inayofika kwenye majiko, kwa sababu mpishi aliye nyuma ya pazia hatamwona akiinamisha kichwa.